Makala zinazozama: linki za ndani, mgawo wa nguvu na uokoaji wa kurasa yatima

WordPress, ukiiacha kama ilivyokuja, huonyesha makala 10 kwenye kila ukurasa wa orodha. Makala mpya inakaa juu, ya zamani inasukumwa chini, na ya kumi na moja inahamia ukurasa wa pili. Tovuti inayochapisha makala tatu kwa wiki hufikisha kama 150 kwa mwaka. Kwa hiyo makala iliyotoka mwaka mmoja uliopita leo iko ukurasa wa 15 au 16 wa orodha, mahali ambapo hakuna msomaji anayefika kwa miguu yake. Googlebot, roboti wa Google anayepita kwenye kurasa na kusoma kilichomo, anaweza kufika, lakini hufika akiwa amechelewa na hana sababu ya kurudi mara kwa mara.

Hivi ndivyo kurasa nyingi zinavyopoteza wazazi. Kwa maana kamili, ukurasa yatima ni ule ambao hakuna ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo wenye linki ya kwenda kwake. Upo, anwani yake inafunguka, pengine umo hata kwenye `sitemap.xml`, faili inayoorodhesha anwani za tovuti, ila ukianzia ukurasa wa mwanzo ukabofya kila kinachobofyeka hutaufikia. Kwenye tovuti za makala yatima kamili huwa wachache, kwa kuwa orodha za tarehe na za kategoria hukamata karibu kila kitu. Kundi kubwa ni la nusu yatima: makala zenye linki moja tu, na linki hiyo imetoka ukurasa wa 15 wa orodha, ambao wenyewe hauna cha kumgawia mtu. Takwimu za programu nyingi za ukaguzi huwahesabu hawa kuwa wazima. Ndiyo maana mwenye tovuti anaweza kuona ripoti isiyo na yatima hata mmoja huku nusu ya makala zake hazijapata msomaji kutoka Google tangu mwaka zilipotoka.

Kiini cha tatizo ni kwamba orodha hupanga makala kwa tarehe, ilhali msomaji hutafuta kwa swali. Mtu ambaye kuku wake wameacha kutaga hajali makala ilitoka lini. Linki zilizoandikwa ndani ya maandishi, kutoka makala moja kwenda nyingine inayohusiana nayo, ndizo njia pekee ndani ya tovuti inayofuata swali. Lakini ili kuziweka mahali panapofaa, kwanza inabidi kujua nguvu, yaani uzito ambao linki huupa ukurasa, inatoka wapi na inagawanywaje.

Hesabu ya kurasa nne

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza kanuni waliyoiita PageRank. Wazo lake ni mtu anayezurura kwenye wavuti akibofya linki ovyoovyo. Ukurasa ambao mzururaji huyu anajikuta mara nyingi ndio wenye uzito mkubwa. Mara nyingine huchoka kubofya, akaruka kwenye ukurasa wowote bila kufuata linki. Kanuni yenyewe ni hii:

```
PR(A) = (1 - d) + d × ( PR(T1)/C(T1) + ... + PR(Tn)/C(Tn) )
```

T1 hadi Tn ni kurasa zenye linki ya kwenda A. C ni idadi ya linki zinazotoka kwenye kila mojawapo ya kurasa hizo. Herufi d ni uwezekano wa mzururaji kuendelea kubofya, na waandishi hao walisema kwa kawaida huiweka 0.85. Maana yake ni nyepesi kuliko sura yake: kila ukurasa huchukua asilimia 85 ya uzito wake na kuugawa sawa kwa kurasa ulizozilinki, na kila ukurasa huanza na 0.15 ya bure.

Tuchukue tovuti ya kubuni ya ufugaji wa kuku yenye kurasa nne: Mwanzo, Kuanza ufugaji, Chanjo, na Kuku wameacha kutaga. Mwanzo una linki kwenda Kuanza na Chanjo. Kila makala ina linki moja ya kurudi Mwanzo, ile ya nembo iliyo juu. Makala ya kutaga imesahaulika, hakuna anayeilinki, ingawa yenyewe inarudi Mwanzo kama wenzake. Ukitatua hesabu, Mwanzo unapata 1.92, Kuanza 0.97, Chanjo 0.97, na yatima wetu 0.15. Jumla inakaribia 4, na ingekuwa 4 kamili kama tusingekata desimali.

Sasa ongeza linki moja tu: kutoka makala ya Kuanza kwenda ya kutaga. Hesabu mpya inatoa Mwanzo 1.72, Kuanza 0.88, Chanjo 0.88, na ya kutaga 0.52. Linki moja imekuza uzito wa yatima mara tatu na nusu. Lakini jumla bado ni 4. Kilichoongezeka upande mmoja kimepungua kwingine: Mwanzo umepoteza 0.2, Kuanza na Chanjo wamepoteza karibu 0.09 kila mmoja. Chanjo imeumia ingawa haikuguswa, kwa sababu inakula kutoka Mwanzo, na Mwanzo umepungukiwa.

Ukielewa mfano huu umeelewa sehemu kubwa ya jambo. Linki za ndani hazizalishi nguvu, zinaihamisha tu, kama urithi ambao mafungu yake hayanenepi kwa sababu warithi wameongezeka. Nguvu mpya huingia kutoka nje, pale tovuti nyingine zinapokulinki. Kazi ya linki za ndani ni kuichukua pale ilipoingilia na kuifikisha kwenye makala zinazoihitaji.

Mfano huu una mipaka yake. Google ya leo haitumii kanuni ya 1998 jinsi ilivyo, na linki ni ishara moja kati ya nyingi inazotazama, ingawa kampuni yenyewe bado inaitaja PageRank katika maelezo ya mifumo yake ya kupanga matokeo. Namba ya PageRank iliyokuwa ikionekana hadharani kwenye upau wa kivinjari iliondolewa mwaka 2016. Namba unazouziwa na programu mbalimbali leo kama "mamlaka ya tovuti" ni makadirio ya kampuni hizo, si ya Google. Zitumie kulinganisha kurasa zako zenyewe kwa zenyewe, basi.

Mgawo unavyomomonyoka

Katika mfano wetu kila ukurasa ulikuwa na linki moja au mbili. Tovuti halisi haiko hivyo. Fungua makala yoyote ya tovuti yako uhesabu: menyu ya juu, makala mpya upande wa kulia, wingu la lebo, kumbukumbu za miezi, linki za chini ya ukurasa. Si ajabu kukuta linki 50 za templeti dhidi ya 3 zilizo ndani ya maandishi. Kwa kanuni ya awali, ukurasa wenye uzito wa 10 ungegawa 8.5 kwa linki 53, kila moja ikapata 0.16. Ukiondoa orodha ya miezi na wingu la lebo, ambavyo kwa uzoefu wangu hakuna anayevibofya, ukabaki na linki 20, kila moja inapata 0.43. Hujaandika neno jipya hata moja, na makala zako zimepata zaidi ya mara mbili.

Si kila linki huhesabiwa sawa, hata hivyo. Mwaka 2010 Google ilipewa hataza ya wazo la mzururaji mwenye busara: badala ya kubofya ovyo, huelekea zaidi kwenye linki zinazoonekana na zinazovutia kutokana na mahali zilipo, ukubwa wa herufi na maneno yaliyotumika. Hataza si ushahidi kwamba kitu kinatumika hivyohivyo, lakini mwelekeo wake unaeleweka. Linki iliyo katika aya ya tatu, ndani ya sentensi inayohusu jambo lilelile, ina nafasi nzuri ya kubeba uzito kuliko linki ya kumi na nane chini kabisa ya ukurasa. Basi ukihesabu wazazi wa makala, zihesabu peke yake linki zilizo ndani ya maandishi. Za templeti ziweke pembeni.

Kuna njia ya mkato ambayo bado inapendekezwa na watu wasiofuatilia. Zamani wenye tovuti walikuwa wakiweka `rel="nofollow"`, alama ya kuiambia Google isifuate linki, kwenye linki za ndani kama Wasiliana Nasi au Sera ya Faragha, wakiamini kwamba fungu la linki hizo litarudi kwa linki zilizobaki. Mwaka 2009 Matt Cutts, aliyekuwa mhandisi wa Google, alieleza kwamba haliendi hivyo tena. Ukurasa wenye pointi 10 na linki 10, tano zikiwa na nofollow, hautoi pointi mbili kwa kila moja ya zile tano nyingine. Unatoa moja moja, na pointi tano zilizobaki zinapotea hewani. Kama plagini fulani imekuwekea nofollow kwenye linki zako za ndani, iondoe.

Kuwatafuta

Huwezi kumpata yatima kwa kutembea, maana sifa yake ndiyo hiyo: hafikiki. Anapatikana kwa kulinganisha orodha mbili. Ya kwanza ni ya kurasa zote zilizopo. WordPress, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, hutengeneza yenyewe faili ya `wp-sitemap.xml`, na humo kuna linki za sitemap ndogo ambamo unaweza kuchukua anwani zote. Ya pili ni ya kurasa zinazofikika ukianzia Mwanzo na kufuata linki. Hiyo inatengenezwa na programu ya kupitia tovuti. Screaming Frog hutumika sana, na toleo lake la bure hupitia anwani hadi 500, zinazotosha kwa tovuti ndogo, mradi ukumbuke kwamba picha na faili za mtindo nazo huhesabiwa katika hizo 500. Zizime kwenye mipangilio kabla ya kuanza.

Weka orodha ya kwanza kwenye safu A ya jedwali na ya pili kwenye safu B, kisha andika fomula hii kwenye C2 na uinakili kushuka hadi mwisho wa orodha ya A:

```
=COUNTIF(B:B, A2)
```

Kila mstari unaotoa 0 ni yatima, au ni kosa la uandishi wa anwani. Hapa ndipo wengi hujidanganya. `http` na `https` ni anwani mbili tofauti machoni pa jedwali. Yenye `www` na isiyo nayo, vilevile. Yenye mkwaju mwishoni na isiyo nao, vilevile. Ukiona nusu ya tovuti imetoka yatima, usitangaze msiba. Safisha anwani kwanza uhesabu upya. Kosa la upande wa pili ni kuiambia programu isome sitemap wakati huohuo inapopitia linki, kisha ukachukua orodha nzima kama ya "zilizofikika". Hapo hutapata yatima hata mmoja, kwa sababu wote watakuwa wamefikiwa kupitia sitemap.

Ipo orodha ya tatu inayofaa kuongezwa: kurasa zilizoonekana kwenye matokeo ya Google katika miezi 16 iliyopita, ambazo unazipata kwenye ripoti ya utendaji ya Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Humo hutokea anwani ambazo hazimo hata kwenye sitemap, kama kurasa za kampeni ya zamani au matoleo ya kwanza ya makala zilizobadilishwa anwani. Wakati mwingine humo ndimo unapomkuta yatima anayesomwa na watu kila siku bila msaada wako.

Kwa nusu yatima, hesabu hiyo ya jedwali haisaidii, maana wanafikika. Kwao tazama linki zinazoingia kwenye kila makala, kisha chuja kwa mahali zilipo ukurasani. Screaming Frog ina safu ya `Link Position` inayotenganisha `Content` na `Navigation` au `Footer`. Iangalie kwa jicho kabla ya kuiamini, kwa sababu baadhi ya templeti huweka kisanduku cha "Makala mpya" ndani ya eneo la maandishi, na linki zake zikahesabika kuwa za maandishi.

Mmoja wao, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Turudi kwenye tovuti yetu ya kuku, sasa tuipe makala 180. Ukaguzi umetoa yatima kamili 9 na nusu yatima 58. Kabla ya kuweka linki yoyote, wale 9 wanasomwa mmoja mmoja, kwa sababu si kila yatima anahitaji kuokolewa. Ukurasa wa "Asante kwa kujiandikisha" unapaswa kuwa yatima. Wa tangazo la kulipia, unaofikiwa na waliobofya tangazo tu, vilevile. Ratiba tatu za chanjo zilizoandikwa kwa miaka tofauti zinasema jambo moja, na kuzilinki zote ni kuzigombanisha zenyewe kwa zenyewe. Inayobaki ni moja iliyo kamili, nyingine mbili zinaelekezwa kwake kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Anayestahili kazi ni yule mwenye swali ambalo hakuna makala nyingine inayolijibu. "Kuku wameacha kutaga" ni mmoja wao.

Hatua inayofuata ni kutafuta nguvu ilikoingilia. Kwenye Search Console, ripoti ya `Links` ina sehemu ya linki za nje yenye orodha ya kurasa zinazolinkiwa zaidi na tovuti nyingine. Mara nyingi Mwanzo ndio wa kwanza, kisha zinakuja makala mbili tatu ambazo usingezitarajia. Tuseme hapa ya pili ni "Jinsi ya kuanza ufugaji wa kuku wa kienyeji", imelinkiwa na majukwaa ya wafugaji. Hiyo ndiyo tajiri wa mtaa. Ukiifungua unakuta linki zake zote za ndani ya maandishi ni mbili, na zote zinakwenda kwenye makala zilizochapishwa wiki iliyofuata, kwa sababu ndizo mwandishi alizokuwa nazo kichwani wakati ule.

Baada ya hapo tafuta makala ambazo tayari zinazungumzia kutaga bila kuilinki. Google yenyewe inakusaidia:

```
site:tovutiyako.co.tz "kutaga" -inurl:kuku-wameacha-kutaga
```

Matokeo yatakuwa mengi kuliko unayohitaji. Usichukue yote. Swali la kujiuliza kwenye kila sentensi ni hili: msomaji akifika hapa, je, kuna uwezekano kwamba tatizo lake ndilo linaloelezwa kule? Kwenye makala ya chakula kuna aya inayosema kuku asiyepata chokaa ya kutosha hutaga mayai yenye ganda laini, na baadaye mayai hupungua. Hapo msomaji mwenye tatizo yupo kabisa. Kwenye makala ya kideri kuna mstari kwamba ugonjwa huo hushusha utagaji hata kwa kuku waliopona. Yupo hapo pia. Kwenye makala ya bei ya mayai sokoni neno kutaga limetokea mara tano, lakini msomaji wake ni mchuuzi, iache.

Kwa hiyo linki tatu: kutoka Kuanza, kutoka Chakula, kutoka Kideri. Kwenye makala ya Kuanza hakukuwa na sentensi ya kubeba linki, kwa hiyo inaandikwa, mwishoni mwa aya inayoeleza kwamba mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita hivi:

```
<p>Akishaanza, usishtuke akisimama kwa muda. Kuatamia, kunyonyoka
manyoya na mwanga mchache ni baadhi ya
<a href="/kuku-wameacha-kutaga/">sababu za kuku kuacha kutaga</a>.</p>
```

Tazama maneno yaliyobeba linki. Yanamwambia msomaji, na Google pia, kuna nini upande wa pili. "Bofya hapa" haisemi chochote. Kwenye makala ya Chakula maneno yawe mengine, mathalani "mayai yanapopungua ghafla", na kwenye ya Kideri "utagaji unaposhuka baada ya ugonjwa". Si lazima kukwepa marudio kwa hofu, lakini sentensi tatu zilizoandikwa kwa ajili ya wasomaji watatu tofauti haziwezi kufanana kwa kawaida. Zikifanana neno kwa neno, ujue ziliandikwa kwa ajili ya roboti.

Bado hatujamaliza, kwa sababu yatima naye anapaswa kutoa. Makala ya kutaga inataja minyoo, lishe na mwanga wa bandani, na kila kimoja kina makala yake miongoni mwa wale nusu yatima 58. Ukiweka linki hizo tatu, uzito ulioingia kutoka Kuanza unateremka ngazi moja zaidi. Ndivyo makala zinazohusiana zinavyopata kulishana: ya utangulizi inashuka kwenye tatizo, tatizo linashuka kwenye sababu, na kila sababu ina linki ya kurudi juu kwenye mwongozo. Ukifanya hivi kwa makala kumi zenye nguvu, utakuta wale 58 wamepungua wenyewe bila kuwashughulikia mmoja mmoja.

Kuna kifaa kimoja nitakisema vibaya. Tovuti nyingi za Kiswahili, za habari hasa, huweka kisanduku cha "SOMA PIA" katikati ya makala. Kikichaguliwa na mhariri kinafaa sana. Lakini mara nyingi hujazwa na plagini inayochukua makala mpya zaidi, kwa hiyo msomaji wa habari ya mafuriko anapewa usajili wa mshambuliaji. Kisanduku cha namna hiyo hurudia kosa lilelile la orodha ya tarehe, tena ndani ya maandishi, na kinakula sehemu ya mgawo. Ukiweza kukibadilisha kichague kwa kategoria au lebo, kibadilishe. Usipoweza, kizime. Na zile plagini zinazogeuza kila neno "kuku" kuwa linki, zikimbie. Kwenye tovuti ya kuku, utapata makala zenye linki arobaini za kwenda mahali pamoja.

Linki iliyopo ambayo haipo

Unaweza kufanya yote hayo na bado hesabu isibadilike, kwa sababu ya jinsi linki ilivyoandikwa. Google inasema wazi kwamba roboti wake hufuata kwa uhakika `<a>` yenye `href`. Kitufe cha namna hii, ambacho kwa msomaji kinafanya kazi barabara, kwake si linki:

```
<span onclick="fungua('/kuku-wameacha-kutaga/')">Soma zaidi</span>
```

Ni hivyo hivyo kwa orodha zinazoongezeka zenyewe unaposhuka chini bila kuwa na kurasa za kawaida za 2, 3, 4. Googlebot habofyi na hashuki kama wewe. Namna ya kujua ni kufungua ukurasa kwa `URL Inspection` ndani ya Search Console, kutazama HTML ambayo Google imeipata, na kutafuta anwani ya makala yako humo. Isipokuwepo, haipo, hata kama simu yako inaionyesha.

Jingine ni linki inayokwenda kwenye anwani ya zamani, ambayo inaelekezwa kwenye mpya. Inafika, ila kwa kuzunguka. Irekebishe iende moja kwa moja. Na kama linki ni picha, kumbuka kwamba maelezo ya `alt` ndiyo yanayosomwa kama maneno ya linki. Picha isiyo na alt ni linki isiyo na jina.

Kusubiri na kupima

Siku ile ile unaweza kupima upande wako tu: pitisha programu upya, hakikisha makala ya kutaga sasa ina linki tatu za ndani ya maandishi, na kwamba iko mibofyo miwili kutoka Mwanzo badala ya kutofikika kabisa. Upande wa Google huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kwa sababu lazima roboti arudi kwanza kwenye kurasa zilizotoa linki ndipo aione. Kwa `URL Inspection` utaona tarehe ya mwisho aliyopita, na kwenye `Referring page` baadhi ya kurasa ambako huenda aliipata anwani hiyo. Tarehe hiyo ikiwa kabla ya mabadiliko yako, hakuna cha kupima bado. Andika tarehe uliyoweka linki kwenye jedwali lako, kwa kuwa baada ya mwezi hutaikumbuka.

Maneno mawili ya Search Console hutofautisha magonjwa mawili. `Discovered - currently not indexed` maana yake Google inajua anwani ila haijapita. Kwa tovuti ndogo yenye seva nzima, linki zenye nguvu mara nyingi ndiyo dawa. `Crawled - currently not indexed` ni jambo lingine: imepita, imesoma, ikaamua kutoiweka kwenye faharasa yake. Hapo linki zinaweza kusaidia kidogo, lakini kwanza isome makala yenyewe kwa macho ya mgeni. Ikiwa ni aya nne zinazorudia kilichomo kwenye mwongozo mkuu, hakuna mgawo utakaoibeba. Iunganishe na mwongozo na uelekeze anwani yake huko.

Ukiona makala imeingia kwenye faharasa, mara inazoonekana kwenye matokeo zinapanda wiki hadi wiki, lakini imekwama nafasi ya 30 au 40 kwa swali lake kuu, linki zimeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Unaweza kumtafutia mzazi wa nne, lakini muda huo ni heri uufungue ukurasa wa kwanza wa matokeo, usome wanachoeleza wale walio juu kuhusu kuku walioacha kutaga, na uangalie kama makala yako inataja saa ngapi za mwanga kuku anahitaji kwa siku.